Nimeandika "alidokeza", naambiwa niandike "nilihisi". Ipi sahihi?

Kipanga_Mdogo: Wakuu, naombeni ushauri wa lugha tu, mambo ya kazini niachieni mwenyewe. Nimeandika malalamiko dhidi ya msimamizi wangu. Sentensi yenye mgogoro ni hii: "Msimamizi alidokeza mbele ya wenzangu kuwa mimi ndiye mwizi wa stoo." Na alinitazama kabisa! Mtu wa utumishi kaikata kwa kalamu nyekundu, juu yake kaandika "nilihisi kuwa". Naona ananigeuza mimi ndiye mwenye matatizo. Usingizi sina. Si ni jambo lile lile tu?

Mzee_Kofia: Kijana, acha barua. Nenda kamwone ana kwa ana. Sisi zamani hatukuandikiana.

Bi_Nukta: Si jambo lile lile. Anayedokeza ni msemaji, anayehisi ni msikilizaji. Ukiandika "alidokeza" umeshamsomea nia: alitupa neno akitaka liokotwe. Ukiandika "nilihisi" unajisemea wewe. Lakini kabla hatujabishana, alisema maneno gani hasa?

Kipanga_Mdogo: Maana ilikuwa wazi, dada. Kila mtu alielewa.

Bi_Nukta: Nimeuliza maneno, umenipa maana.

Kipanga_Mdogo: Haya. Alisema: "Tangu funguo zihamie upande ule, hesabu ya stoo haijawahi kutimia." Funguo ninazo mimi.

Chumvi_Kiasi: Tafuta neno la katikati. Weka "alimaanisha". Au "niling'amua", lina heshima zaidi.

Bi_Nukta: La katikati lipo, ila si hayo. "Alimaanisha" ni zito kuliko "alidokeza", maana unadai unajua kilichokuwa moyoni mwake. Na "niling'amua" ni mtego, kwa sababu mtu hang'amui jambo lisilo kweli. Jaribu kuongeza "lakini nilikosea" mwishoni. "Nilihisi ananituhumu, lakini nilikosea" inakaa vizuri. "Niling'amua ananituhumu, lakini nilikosea" inagongana yenyewe. La katikati ni kuyapa maneno kitenzi: "maneno yake yaliashiria". Hapo nia yake hujaigusa, ingawa bado atakuuliza yaliashiria kwa nani.

Mpangaji_Mstaafu: Haya maneno ya pande mbili yaliniponza. Nilitangaza "Nahitaji kukodisha nyumba ya vyumba viwili". Simu zikamiminika, wote wanataka kuhamia kwangu! Mimi mwenyewe sina pa kulala. Kumbe anayechukua hukodi, anayetoa hukodisha, kama kukopa na kukopesha. Ila kuazima ndiko sijakuelewa hadi leo. Mtu akisema "nimemwazima jembe", jembe analo nani?

Chumvi_Kiasi: Analo yeye. "Nimeazima jembe", ninalo mimi. Hiyo -mw- ndiyo inayolihamisha.

Mpangaji_Mstaafu: Jirani yangu husema "nimemwazima" akiwa amelichukua yeye, na jembe kalishika mkononi.

Jicho_Pevu: Ngojeni kwanza. "Upande ule"? Mtu amekaa mbele yako, anakutazama kabisa, halafu aseme "ule"? Angesema "upande huo" au "huu hapa". "Ule" ni wa kitu kilicho mbali na msemaji na hao anaoongea nao. Mkuu, hukuwepo kwenye hicho kikao. Hii ni chai.

Mzee_Kofia: Chai ya moto.

Kipanga_Mdogo: Si chai! Nilikuwa likizo, sawa, lakini mwenzangu alinisimulia kila kitu. Msimamizi alikitazama kiti changu. Kiti changu na mimi tofauti iko wapi?

Bi_Nukta: Iko kubwa. Basi hata "nilihisi" si yako. Hapa kuna watu watatu: msimamizi alisema, mwenzako akahisi, wewe ukasimuliwa. Mpe kila mmoja kitenzi chake: "Nimeelezwa na mwenzangu aliyekuwepo kuwa msimamizi alisema, 'Tangu funguo zihamie upande ule, hesabu ya stoo haijawahi kutimia.' Mwenzangu aliyachukulia maneno hayo kuwa yananilenga. Nami nimeyaelewa hivyo, kwa kuwa funguo ninazo mimi." Anayeipokea barua asome mwenyewe aamue. Maneno aliyoyasema, msimamizi hawezi kuyakana kirahisi. Udokezi ataukana kabla hujakaa kitini.

Kipanga_Mdogo: Hiyo imepoa mno, haina hata mwizi ndani yake. Halafu... barua nimeshaipeleka juu jana. Ile isiyokatwa.

Jicho_Pevu: Sasa ushauri ulikuwa wa nini?

Kipanga_Mdogo: Nilitaka kujua kama niko sahihi. Tatizo mwenzangu naye leo kageuka. Anadai hakuniambia "alidokeza", aliniambia "nadhani".

Chumvi_Kiasi: "Nadhani" ya nani sasa, yake au ya msimamizi?

Kipanga_Mdogo: Sikumuuliza.