Naomba ushauri: bustani ya mboga inalipa kwa maji ya kununua?

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, nyumba ya kupanga, na nina matuta mawili nyuma ya nyumba, jumla mita za mraba 10. Mchicha tumeanza kuuchuma, sukuma wiki bado michanga.

Mboga za majani sokoni zinatutoa kama 30,000 kwa mwezi. Mbegu si tatizo, pakiti ni 3,000 tu, na samadi napewa na jirani. Kinachoniumiza ni maji: madumu mawili kila siku, kila dumu 300, yaani 18,000 kwa mwezi. Wavu na nguzo, kwa sababu ya kuku wa mtaa, fundi anataka 72,000.

Bustani ikitulisha kikamilifu, nabakiza 12,000, na uzio unajilipa kwa miezi sita. Ikitulisha nusu, ni hasara kila mwezi. Tuta moja nimelifunika nyasi kavu, na udongo wake asubuhi bado una unyevu.

Je, nikifunika yote mawili naweza kumwagilia siku moja na kuruka moja bila mchicha kukomaa haraka na kutoa maua? Na badala ya wavu, kuna aliyezungushia matawi ya miiba yakazuia kuku kweli?