Acheni kutuambia "zima ruta, washa tena" wakati monita ya mtoto ndiyo inayoua waifai

Masafa_Safi

Wadau, nimechoka. Mteja anapiga simu huduma kwa wateja: mistari ya waifai imejaa yote, lakini ukurasa haufunguki. Anajibiwa azime ruta, asubiri kidogo, awashe. Ikigoma, anauziwa ruta mpya, na hiyo mpya nayo inagoma vilevile. Hakuna hata mmoja anayemuuliza kama ndani ya nyumba kuna monita ya mtoto ya video.

Mistari ile hupima jinsi ruta inavyosikika, basi. Haikuambii kama hewani kuna nafasi ya kutuma. Waifai ina adabu: kabla ya kutuma husikiliza kwanza, na ikikuta kitu kisicho waifai kinapiga kwa nguvu ya kama -62 dBm au zaidi, hunyamaza ingoje kipite. Sasa ile kamera ya mtoto ya analogi, ya gigahezi 2.4, haipiti. Inarusha picha mfululizo tangu inapochomekwa mpaka inapochomolewa, mtoto akiwa amelala au hayupo kabisa chumbani. Ruta inangoja, simu inangoja, na mtumiaji anatazama duara likizunguka.

Kinachoniudhi zaidi ni namba. Kamera nyingi za aina hii zina chaneli nne: megahezi 2414, 2432, 2450 na 2468. Watengenezaji wanaziandika 1, 2, 3, 4, na mtu anadhani ni zilezile za ruta. Siyo! Chaneli 4 ya kamera, yaani 2468, inaangukia ndani ya chaneli 11 ya ruta, ambayo katikati yake ni 2462. Chaneli 1 ya kamera inakaa juu ya chaneli 1 ya ruta, 2412. Zile mbili za katikati zinaikaba chaneli 6 kwa kushoto na kulia. Kijitabu cha maelekezo hakisemi neno.

Na usitegemee ruta ijichagulie chaneli yenyewe. Ruta nyingi huhesabu mitandao ya waifai ya jirani, kisha hukimbilia palipo na michache. Kamera haina jina la mtandao, haihesabiwi, kwa hiyo ruta inaweza kujipeleka palepale kamera inapopiga kelele. Zile programu za simu za kuonyesha chaneli zina upofu huohuo.

Kama huwezi kuiondoa kamera, iweke kwenye chaneli yake ya 1 na ruta uifunge kwenye 11, au kamera 4 na ruta 1. Upana wa chaneli ya ruta uwe 20 MHz, usiwe 40 wala "Auto". Halafu tenganisha vyombo: ruta isikae chumba kimoja na kamera.

Kasi_Mpya

Mkuu, mbona unazunguka? Hamia gigahezi 5, mada imefungwa. Na hizo simu za mezani zisizo na waya ndizo mbaya kuliko kamera, zitupwe zote.

Masafa_Safi

Gigahezi 5 kwa simu na laptopu, nakubali, anza nayo. Lakini printa, soketi za waifai na balbu nyingi zinajua 2.4 tu, na gigahezi 5 hupungua haraka zaidi ikipita ukutani. Huwezi kuihama 2.4 nyumba nzima kwa siku moja.

Kuhusu simu umechanganya. Simu iliyoandikwa DECT inatumia megahezi 1880 hadi 1900, au 1920 hadi 1930 kwa zile za Marekani. Haigusi waifai hata kidogo, msiitupe. Tatizo ni zile za zamani zilizoandikwa 2.4 GHz. Nyingi zinarukaruka bendi nzima, kwa hiyo kubadili chaneli ya ruta hakukusaidii sana. Dalili yake ni rahisi: mtandao unayumba mtu akiwa anaongea, unatulia akikata. Na kuna simu zilizoandikwa 5.8 GHz ambazo upande mmoja wa mazungumzo unarudi kwa 2.4. Maandishi ya kwenye boksi peke yake hayatoshi, jaribu ukiwa kwenye mazungumzo.

Mama_Pacha

Samahani kaka zangu, mimi nimeogopa. Kwangu waifai hukatika maikrowevu ikiwaka. Ina maana inavuja mionzi na watoto wako jikoni? Nimesikia ukiweka simu ndani ya oveni ukaipigia, ikiita basi oveni ni mbovu.

Fundi_Antena

Dada, waifai kukatika siyo ushahidi kwamba oveni ni hatari. Kiwango kinachoruhusiwa kuvuja ni milliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye oveni. Sasa linganisha na waifai: simu inayopata -60 dBm inapokea sehemu moja ya milioni ya milliwati, na bado tunasema hapo mtandao ni mzuri. Oveni nzima, isiyo na kasoro, inaweza kuvuruga waifai huku ikiwa ndani ya kiwango. Jaribio la simu ndani ya oveni halipimi usalama. Kagua mlango: ukiwa umepinda, bawaba zimelegea au kioo kimepasuka, usiitumie.

Ila kuna jambo ambalo mwenye uzi hajaligusa. Oveni ya kawaida yenye transfoma haipigi kelele muda wote. Magnetroni yake, yaani kile kifaa kinachozalisha mawimbi, inafanya kazi nusu ya kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wa 50 Hz ni kama milisekunde 10 inawaka, 10 inanyamaza. Kwenye ule ukimya waifai ingeweza kupita vizuri tu. Pakiti ya baiti 1500 ni biti 12,000. Kwa spidi ya megabiti 54 inatumia chini ya robo ya milisekunde.

Tatizo linaanzia hapa. Pakiti chache zikipotea, kifaa hudhani mawimbi ni hafifu, kinapunguza spidi. Zikipotea tena kinapunguza tena, na vingine hushuka hadi megabiti 1. Kwa megabiti 1 pakiti ileile inahitaji milisekunde 12, na ukimya ni 10. Haiwezi kuingia hata ikianza kwa wakati. Kifaa kimejifungia mlango chenyewe kwa kudhani kinajisaidia.

Ndiyo maana nawaambia watu wazime spidi za kale za 802.11b. Kwenye ruta nyingi ni kubadili "b/g/n" iwe "g/n". Spidi ya chini inakuwa megabiti 6, ambapo pakiti hiyo inachukua milisekunde 2 na ushee. Kifaa cha kale kinachojua b peke yake kitagoma kuunganika, hilo lijulikane mapema. Chaneli pia ina maana: oveni hupiga karibu na 2450, kwa hiyo chaneli 1 mara nyingi huumia kidogo kuliko 6 na 11.

Masafa_Safi

Hapo kwenye spidi umenena, mkuu. Hilo watu wa huduma kwa wateja wangelijua, malalamiko mengi yangeisha kwa kubadili setingi moja.

Jirani_Mwema

Mimi kwangu monita siyo, nimehakikisha. Nimeizima, waifai ikabaki vilevile mbovu. Ping ya ruta, yaani muda inaochukua kunijibu, inaenda milisekunde 3, halafu 900, halafu haijibu kabisa.

Fundi_Antena

Umezima kipi, ndugu? Skrini ya mzazi au kamera ya upande wa mtoto?

Jirani_Mwema

Skrini. Si ndiyo monita yenyewe?

Fundi_Antena

Skrini ya analogi inapokea tu, hairushi chochote. Kamera iliyoko chumbani imeendelea kupiga wakati wewe unapima. Chomoa chaja ya kamera na utoe betri zake, maana nyingine ukichomoa umeme zinahamia kwenye betri kimyakimya. Kama ruta yako inaendeshwa na mfumo wa OpenWrt, ingia uandike amri hii, ungoje sekunde 10, uiandike tena (jina `wlan0` libadili kulingana na lako):

```
iw dev wlan0 survey dump
```

Tafuta chaneli yenye `[in use]`. Toa namba za kwanza kwenye za pili, kwa sababu zinajumlishwa tangu mwanzo. Kisha chukua `busy`, toa `receive`, toa `transmit`. Kinachobaki ni muda ambao hewa ilikuwa imeshikwa na kitu ambacho ruta haikukitambua kama waifai.

Jirani_Mwema

Nimefanya. Kamera ikiwa imewaka, ndani ya milisekunde 10,000: busy 8,600, receive 900, transmit 200. Nimechomoa kamera na kutoa betri: busy 1,300, receive 950, transmit 250. Na ping imetulia kwenye 2 na 3.

Fundi_Antena

Basi hesabu inajisemea. Kamera ikiwaka: 8,600 toa 1,100, zinabaki 7,500. Robo tatu ya muda wote imeliwa. Ikizimwa zinabaki 100 tu. Ruta yako haina kosa lolote.

Wengine mjue kwamba si kila ruta hutoa namba hizo. Nyingine hazionyeshi `receive` wala `transmit`. Hapo tumia `ping -t 192.168.1.1` kwenye Windows, ukiweka anwani ya ruta yako, na uzime chombo kimoja kimoja. Pima mpaka kwenye ruta. Ukipima tovuti ya nje utachanganya na matatizo ya laini.

Kasi_Mpya

Na kama kamera ni ya jirani? Kwangu hakuna mtoto.

Masafa_Safi

Wezesha ruta kwa betri ya akiba, kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Zima pia vyombo vyako vinavyotumia betri. Ping ikiendelea kuruka, kelele inatoka nje. Zunguka na laptopu ukutani kwa ukuta, uone ni upande gani mambo yanaharibika zaidi, kisha ubishe hodi ukiwa na majibu mkononi. Mwombe abadili chaneli ya kamera tu, haimgharimu kitu.

Kasi_Mpya

Sawa, nitajaribu. Lakini kama ni ile ya dijitali inayorukaruka?

Masafa_Safi

Hapo kubadili chaneli hakuna maana. Ni kuongeza umbali, au anunue ya DECT kama anahitaji sauti tu.

Mama_Pacha

Nimeweka "g/n" na chaneli 1. Imepungua lakini haijaisha. Oveni yangu nyuma imeandikwa inveta.

Fundi_Antena

Inveta inabadilisha hesabu yangu, dada. Hizo haziachi ule ukimya wa milisekunde 10 kama za transfoma, kelele yake inajaza sehemu kubwa zaidi ya mzunguko. Spidi ya juu itasaidia kiasi tu. Sogeza ruta mbali na jiko, na simu zenu zipeleke gigahezi 5. Kuna mdau hapa aliyewahi kupima inveta kwa `survey dump`, ikiwa kwenye nguvu kamili na kwenye kuyeyusha barafu? Weka namba zako tuzilinganishe.