Amenijibu hapana kistaarabu, nimjibuje? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Kuna dada tunaimba naye kwaya, miezi kama minane sasa. Jumamosi nilimwambia ninavyojisikia juu yake. Usiku akaniandikia: "Nakuheshimu sana kaka yangu, ila sina hisia hizo kwako."

Nimeandika majibu matatu nikayafuta. La kwanza lilimuuliza sababu. Nikaona namlazimisha ajitetee. La pili lilisema nitasubiri, na hilo ni kumwachia deni ambalo hakukopa. La tatu lilikuwa refu mno, limejaa maumivu yangu. Lililobaki ni hili: "Asante kwa kuniambia ukweli. Nimekuelewa, sitalirudia. Tuonane mazoezini." Linatosha, au lina ubaridi?

Kinachonisumbua zaidi ni Alhamisi. Huwa namsindikiza hadi kituo cha daladala baada ya mazoezi, maana tunamaliza saa mbili usiku. Nikiacha ghafla ataona nimenuna. Nikiendelea, anaweza kudhani bado namfuatilia. Nimewaza kumwomba dada mwingine wa sauti ya pili anayepita njia hiyohiyo watoke pamoja. Dada zangu hasa, nyie mngependa lipi?