Gari inalala nje, fomu ya bima nijaze gereji?

mpemba_leicester: Wakuu, nabadilisha bima ya gari hapa Uingereza, Yaris ya kama pauni 7,000. Fomu inauliza gari inalala wapi usiku. Nikijaza gereji inakuja 760, draivuwei 745, barabarani 800. Gereji ninayo ila imejaa masanduku na baiskeli za watoto, gari inalala barabarani kila siku. Nijaze ipi? Na mbona gereji ghali kuliko draivuwei?

babu_k: Jaza ukweli kijana. Wakikukamata umedanganya hawakulipi hata senti, wanakata mkataba.

Kamau254: Gereji ya fundi ama? Huku Nairobi yangu nalipia asilimia ya bei ya gari, hata nikiiacha nje ya geti ni ileile.

mpemba_leicester: Gereji ya nyumbani bana 😂

bi_mkubwa_reading: Nimefanya kazi ya klemu miaka kadhaa. Gereji kupanda ni kawaida, watu wanakwaruza wakiingiza, na kila kampuni inapiga hesabu zake. Babu yuko sawa nusu. Kuna sheria ya 2012 inatofautisha aliyejaza kizembe na aliyejaza kwa makusudi. Mzembe, kama kampuni ingemchukua kwa bei ya juu tu, analipwa kwa uwiano: umelipa 760, ulitakiwa 800, hiyo ni asilimia 95, kwa hiyo gari ya 7,000 ikiibiwa unapata 6,650 kabla ya kukatwa eksesi. Yaani umeokoa 40 umepoteza 350. Ila wewe kaka hesabu hiyo haikuhusu, umeshasema mwenyewe unajua inalala nje, hayo ni makusudi, na hapo wanaweza kufuta bima, premiamu wakabaki nayo na klemu wasilipe.

mpemba_leicester: Duh. Watajuaje lakini?

bi_mkubwa_reading: Utawaambia wewe. Swali la kwanza la klemu ya wizi ni uliiacha wapi na saa ngapi, kisha wanamtuma mtu kuja kukuuliza, anaomba kuiona gereji, anakuta baiskeli.

nesi_zamu: Mimi yangu iliibiwa nje kwa dada nilipolala siku moja, bima ina draivuwei, wakalipa yote.

bi_mkubwa_reading: Swali huwa ni inapolala *kwa kawaida*, siku moja kwa dada haiharibu. Ila soma karatasi za bima, zingine zina sharti kwamba ikiwa karibu na nyumbani usiku lazima iwe ndani ya gereji iliyofungwa, la sivyo wizi haumo. Hilo lipo zaidi kwenye magari ya bei.

nesi_zamu: Sasa nina zamu za usiku nne kwa wiki, gari inalala paking ya hospitali. Kawaida yangu ni wapi?

bi_mkubwa_reading: Hapo nimeona kampuni zikijibu tofauti dada. Waandikie imeili waeleze zamu zako, jibu lao ulitunze.

babu_k: Au mtoe masanduku mlaze gari ndani 😂

mpemba_leicester: Masanduku ya mke wangu hayo babu. Nimejaza barabarani.