Asilimia ya chaji kwa volti za mzigo: mbona kioo kinasema 18 na sanduku linaendelea kuwaka?

Mwana_Kadutu (Bukavu)

Yambo wote. Nilimtengenezea dada yangu sanduku la umeme. Anakaanga sambaza jioni pale Kadutu, anahitaji taa, na wateja wake wanapenda kuchajia simu hapo hapo wakisubiri. Ndani kuna seli nne za lithiamu za 18650 nilizozitoa kwenye betri ya laptopu, zimefungwa sambamba, halafu moduli inayopandisha volti hadi 5. Arduino ndogo inasoma volti na kuonyesha asilimia kwenye kioo.

Jedwali la asilimia nililitengeneza mwenyewe. Niliijaza betri, nikawasha taa na simu mbili, nikaandika volti kila dakika kumi mpaka sanduku likazimika. Miezi ya kwanza kioo kilisema kweli. Sasa, mwaka mmoja baadaye, kimeharibika akili. Jana kilionyesha 18%, dada akafunga meza mapema, kumbe sanduku lingeweza kuwaka saa mbili nyingine. Nikizima kila kitu napata 3.87. Nikiwasha taa na simu, 3.63 papo hapo.

Naona njia tatu: nitengeneze jedwali jipya la volti za mzigo, au nisome volti wakati betri imepumzika, au ninunue kipimo cha ampea cha INA219 nihesabu kinachotoka. Ninyi mngechagua ipi?

Birere_Simu (Goma)

Ndugu, chagua ya kupumzika, usijisumbue. Volti za mzigo hazina ukweli. Zima kila kitu, pima, basi. 4.2 ni imejaa, 3.7 ni nusu, 3.0 imekwisha. Mimi natengeneza simu kila siku na hesabu hiyo inanitosha.

Yaya_Nyawera (Bukavu)

Birere, kuhusu kupumzika uko sawa, lakini hiyo 3.7 itampoteza mwenzetu. Namba hiyo imechapwa kwenye ganda la seli kama wastani wa kazi yake, haimaanishi kwamba chaji imefika katikati. Seli ya namna hii iliyopumzika vizuri, ikiwa nusu, iko karibu na 3.82. Ikifika 3.74 imebakiwa na kama 20%, na kwenye 3.68 ni kama 10%. Ukimwambia dada wa watu kwamba 3.7 ni nusu, taa itamzimikia sambaza zikiwa bado kwenye mafuta.

Mwana Kadutu, umetoa namba mbili nzuri sana, tuzifuate. 3.87 ya kupumzika ni kama 60%. Basi betri yako ilikuwa na chaji nyingi kuliko alivyodhani dada. Ukiwasha, inashuka kwa volti 0.24. Taa na simu mbili kwenye moduli ile zinavuta kama wati 7, na ukiongeza kinachopotea ndani ya moduli, seli zinatoa ampea 2 hivi. Gawanya 0.24 kwa 2: ukinzani wa njia nzima ni omu 0.12. Unakumbuka ulikuwa unashuka kiasi gani mwaka jana?

Mwana_Kadutu

Niliandika kwenye daftari. Ilikuwa 0.10, mzigo ule ule.

Yaya_Nyawera

Basi jibu liko kwenye daftari lako. Jedwali lako halikuandika chaji peke yake. Liliandika chaji, ukatoa 0.10. Sasa kitu kinachotolewa kimekua kikawa 0.24, na Arduino haijaambiwa. Inaona 3.63, inadhani ndani kuna 3.73, inasoma chini ya 20%. Ndani kuna 3.87.

Kinachouma ni kwamba katikati ya chaji, seli hizi zinateremka polepole mno. Kutoka 60% hadi 30% volti ya kupumzika inatoka 3.87 hadi 3.77, yaani 0.1 tu kwa karibu theluthi ya betri. Kwa hiyo kosa lako la 0.14 limekula asilimia arobaini. Kosa hilo hilo karibu na mwisho, pale chini ya 3.6 ambapo volti inaporomoka, lingekukosesha asilimia chache tu. Ndiyo maana kioo kinadanganya sana katikati ya jioni na mwishoni kinaonekana kama kimerudi kwenye ukweli.

Kipushi_Sola (Lubumbashi)

Yambo. Kwangu ni kinyume, nisaidieni pia. Nina betri ya lithiamu ya volti 12.8 kwa ajili ya taa za nyumba. Nimeifungia mita ya volti. Inakaa 13.2, inakaa 13.1, siku mbili haisogei, halafu ghafla giza. Asubuhi za Juni na Julai baridi ikiwa kali, inaonyesha chini zaidi hata kama imejaa jana. Je, nami nina ukinzani?

Yaya_Nyawera

Kipushi, hiyo ni lithiamu ya chuma na fosfeti, seli nne mfululizo. Ni kemia nyingine kabisa na jedwali la mwenzetu usilitumie. Seli yako moja kati ya 90% na 20% inasogea kiasi kisichozidi sehemu ya kumi ya volti hivi. Hakuna mita ya volti itakayokusomea kitu hapo katikati. Kwako ni kuhesabu ampea-saa tu, na kurudisha hesabu kwenye 100 kila betri inapojaa. Baridi nayo inaongeza ukinzani wa ndani, kwa hiyo mzigo ule ule unashusha volti zaidi asubuhi. Chaji haikwenda popote.

Fundi_Katuba (Lubumbashi)

Naunga mkono kuhesabu, na si kwa Kipushi tu. Mwana Kadutu, weka INA219 umalize maneno. Kinachoingia, kinachotoka, unatoa. Volti zinategemea baridi, uzee, waya, kila kitu. Ampea hazidanganyi.

Yaya_Nyawera

Katuba ndugu yangu, zinadanganya polepole. Arduino ya Kadutu yenyewe inakula umeme mchana kutwa. Tuseme inakula miliampea 20 na imefungwa kabla ya kipimo, hivyo hazihesabiwi. Kwa saa 24 ni miliampea-saa 480. Seli zake nne za laptopu zilikuwa na 2200 kila moja zikiwa mpya, 8800 jumla, na leo hakika ni pungufu. Siku tano bila kujazwa kabisa, hesabu imepotea kwa 2400, zaidi ya robo. Na sifuri ya kipimo ikiwa imehama kidogo, kosa linajumlishwa kila sekunde namna hiyo hiyo.

Kosa la volti linategemea mzigo wa sasa hivi: ukizima, limeondoka. Kosa la kuhesabu linakumbuka kila kitu tangu mara ya mwisho ulipojaza. Dada akijaza betri kikamilifu kila usiku, kuhesabu ni kuzuri kuliko zote. Asipojaza, hapana.

Fundi_Katuba

Arduino ifungwe baada ya kipimo basi, na yenyewe ihesabiwe. Hilo ni kosa la fundi, si la njia.

Yaya_Nyawera

Hapo nakubali. Lakini bado atahitaji kujua jumla ni ngapi leo, na jumla hiyo inapungua kila mwezi.

Mwana Kadutu, kabla hujanunua chochote nifanyie kipimo kimoja. Mzigo ukiwa umewaka, weka ncha za mita kwenye vichwa vya seli zenyewe, uone zinashuka kiasi gani. Halafu pima kwenye mlango wa moduli. Kutoka 0.10 hadi 0.24 kwa mwaka ni nyingi, sitaki kuzisingizia seli peke yake.

Birere_Simu

Sasa naelewa kitu cha simu. Mteja analeta simu inayozima kwenye 30% akifungua kamera. Huwa nabadilisha betri na inapona. Ni mambo haya haya?

Yaya_Nyawera

Ni haya haya. Kamera na taa yake vinavuta ghafla, volti inaanguka chini ya kikomo kwa kitambo kidogo, simu inajizima. Chaji ilikuwepo, ila haikuweza kutoka kwa kasi hiyo.

Mwana_Kadutu

Nimepima jioni hii, dada amesimama pembeni anashangaa. Kwenye vichwa vya seli inashuka 0.11. Kwenye mlango wa moduli inashuka 0.24.

Yaya_Nyawera

Basi 0.13 inapotelea njiani, zaidi ya nusu! Seli zimekaa kwenye kishikio cha springi, siyo?

Mwana_Kadutu

Ndiyo, springi. Na kwa kweli zimeshika rangi ya kijani kidogo. Moshi wa mafuta na chumvi ya samaki.

Yaya_Nyawera

Safisha springi zote, badilisha waya kwa mnene zaidi, na waya wa Arduino unaosoma volti uufunge moja kwa moja kwenye vichwa vya seli, usiupitishe njia ya mzigo. Gusa pia kila seli. Ikiwa moja haigusi springi, tatu zinafanya kazi ya zote nne, na volti inashuka zaidi.

Baada ya hapo usiandike jedwali la mzigo tena. Weka jedwali la kupumzika, na Arduino ijirekebishie mzigo. Kila taa inapowashwa, inasoma volti na ampea kabla na sekunde moja baada:

```
r = (v_kabla - v_baada) / (i_baada - i_kabla);
ocv = v + i * r;
```

Hapo `r` ni ukinzani na `ocv` ni volti ya kupumzika. Ili kupata `i`, yaani ampea, unahitaji INA219 hata hivyo, Katuba atafurahi. Usiiandike 2 kwa kudumu: moduli inadai wati zile zile, kwa hiyo seli ikishuka hadi 3.4 inavuta karibu ampea 2.3.

Fundi_Katuba

Nina swali juu ya hiyo sekunde moja. Mimi nikiwasha mzigo na kusubiri dakika kumi, volti inaendelea kushuka kuliko chaji iliyotumika. Nikizima, inaruka, halafu inapanda pole pole nusu saa nzima. `r` yako haioni hiyo.

Yaya_Nyawera

Haioni, kweli. Ndani ya seli chaji inachelewa kusambaa, na kipimo cha sekunde moja kinakamata ukinzani wa papo hapo tu. Kwa hiyo katikati ya jioni njia yangu itasoma chini kidogo ya ukweli. Mimi naivumilia, kwa sababu inakosea upande wa kumwonya dada mapema, na asubuhi betri ikiwa imelala, kioo kinarudi mahali pake.

Fundi_Katuba

Mimi nisingeivumilia. Ningehesabu ampea jioni nzima, na volti ya asubuhi niitumie kusahihisha hesabu. Lakini si volti ya katikati, kwa sababu ulizozieleza mwenyewe.

Yaya_Nyawera

Hilo ni zuri, ila asubuhi nyingi betri ya muuzaji iko katikati hasa.

Mwana_Kadutu

Nimesafisha springi na kubadilisha waya. Kwenye moduli sasa inashuka 0.14 badala ya 0.24. Jedwali lile la zamani, bila kugusa programu, lilisoma 52% usiku ambao mita ilisema 3.87 ya kupumzika. Seli moja ya mwisho upande wa kulia ilikuwa inacheza kwenye springi yake, nimeibana. Sijui ilikuwa hivyo tangu lini. Nimeagiza INA219 kutoka Goma, ikifika nitajaribu kwanza njia ya Yaya, halafu ya Katuba, wiki moja moja, nilete namba hapa. Aksanti sana wote.

Kipushi_Sola

Na mimi nikiagiza ya kwangu, hiyo INA219 itabeba ampea 15 za nyumba?

Fundi_Katuba

Hapana, ndugu. Vibao vinavyouzwa mitaani vina kipingamizi cha omu 0.1 na vinaishia kama ampea 3. Wewe tafuta shanti ya nje, yaani kipingamizi kidogo zaidi kinachobeba ampea nyingi. Fungua mada yako, tuongee huko.