Rama akalale kwa kocha?

(Kikundi cha ukoo, Alhamisi usiku)

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Nina jambo linanikosesha amani. Jumamosi timu ya kina Rama ina mechi Bagamoyo, gari linaondoka saa 11 alfajiri. Kocha kapiga simu, anasema kwa vile sisi tuko mbali na uwanja, kesho Rama akalale kwake. Mtoto anaruka kwa furaha. Mie roho inasita, na naona aibu kusita, maana tangu baba yake aende zake huyu kocha ndiye mwanaume pekee anayemsikiliza.

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Mie nilishasema, kijana wa miaka 14 anataka mwanaume ndani ya nyumba. Yule mjane wa Chanika bado hajaoa, na ana mashine yake ya kusaga.

Mwanaidi: Shangazi jamani 😂 sijauliza mume, nimeuliza kocha

Kaka Shabani: Mwache aende. Unamlea kama yai.

Mama Mdogo Zuhura: Subirini kwanza. Mwanaidi, watalala vijana wangapi huko kwa kocha?

Mwanaidi: Rama anasema yeye tu.

Mama Mdogo Zuhura: Basi haendi. Sisemi kocha ni mbaya, simjui. Ila nimekuwa mwalimu wa malezi na unasihi miaka mingi, na wale wanaoharibu watoto tuliokuja kuwagundua, hakuna aliyekuja na sura mbaya. Walianza kwa kuwa wema kwa mama. Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja, usiku, mlango umefungwa: hilo simruhusu yeyote, hata awe imamu wangu.

Mpigie sasa hivi. Usijieleze sana. Mwambie Rama atalala nyumbani, utamfikisha garini mwenyewe. Kisha nyamaza usikilize. Mtu asiye na lake atasema sawa mama. Akinuna, au kesho ukasikia kamwambia mtoto "mama yako haniamini", hapo weka alama.

Kaka Shabani: Na akisema sawa ndiyo kafaulu? Mwizi naye anajua kusema sawa.

Mama Mdogo Zuhura: Hapo umesema kweli Shabani. Sawa yake si cheti. Ndiyo maana unapita uwanjani siku ambayo hakutegemei, unawajua wazazi wengine wa timu, unaangalia kama kuna mtoto anayetengwa na wenzake na kupewa vitu.

Mwanaidi: Vitu kama nini

Mama Mdogo Zuhura: Hela, bando, simu, nguo.

Mwanaidi: Mwezi uliopita Rama alikuja na njumu mpya. Akasema ni za timu. Juzi mama wa mwenzake kaniambia timu haijagawa njumu yoyote.

Hamisi Temeke: Duh

Mama Mdogo Zuhura: Tulia. Kocha kumnunulia njumu mtoto asiye nazo ni jambo la kawaida. Kinachonisumbua ni uongo, na hatujui ni wa nani. Huenda Rama kaogopa utazirudisha. Huenda kaambiwa afiche. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Usimkalishe kitini kama polisi. Kijana wa umri huo ukimkodolea macho anafunga mdomo. Muite mkaoshe vyombo, wewe unaosha yeye anakausha, macho yako kwenye sahani. Mwambie "najua njumu si za timu, sijakasirika, sizirudishi." Halafu ndiyo uulize, kocha alikwambia usiniambie? Akisema ndiyo, usipige kelele wala usimfuate kocha usiku huu. Mwambie kafanya vizuri kusema, kisha nipigie. Tukiona kuna zaidi ya hapo tunakwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na namba ya msaada kwa watoto, 116, wanapokea simu bure.

Mwanaidi: Mikono inatetemeka

Hamisi Temeke: Dada, ngoja nikwambie ya kwangu. Baba alipoondoka nilikuwa na miaka 12. Msibani kwa babu kila mzee alinishika bega, "sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Nilikoma kulala. Nilikuwa najilaza nikisikiliza mlango, eti mlinzi, na hata mende simuwezi. Tafadhali, asije mtu akamwambia Rama maneno hayo.

Aliyenitengeneza ni yule fundi friji. Hakuwahi kunipa hotuba hata moja. Jumamosi saa 2 asubuhi mpaka adhuhuri namshikia tochi. Siku moja nilikata bomba la shaba mahali sipo, gesi yote ya mteja ikatoka fyuuu. Nikajua leo nimekwisha. Akaliangalia, akasema "lete msasa." Basi. Na kibanda chake kilikuwa barabarani, mama akipita na ndoo ya maandazi anatuona.

Kaka Shabani: Basi nimeelewa, mjomba nipo. Jumapili nakuja nimkalishe nimpe maneno.

Hamisi Temeke: Kaka umesoma nilichoandika kweli 😅

Mwanaidi: Kaka, mwezi wa Ramadhani ulisema hivyohivyo. Rama alivaa shati lake la Idi, akakaa barazani tangu saa 4 mpaka magharibi. Hukuja, hukupiga simu. Alivyoingia ndani akasema "mjomba ana kazi nyingi." Yeye ndiye aliyekutetea.

Kaka Shabani: Nilipata abiria wa Kibaha

Shangazi Tatu: Shabani. Sisi Wazaramo mtoto wa dada ni wa mjomba. Si hisani unamfanyia.

Mama Mdogo Zuhura: Usiahidi kila wiki. Ahidi kile utakachokiweza hata mwezi mbaya.

Kaka Shabani: Jumamosi ya kwanza na ya tatu bajaji inakwenda kubadilishwa oili pale gereji ya barabarani. Aje tuwe wote. Saa mbili hivi.

Mwanaidi: Sawa kaka, nimeiandika.
Na usiku je? Zamu zangu za jikoni hotelini zinabadilika kila wiki, siku nyingine narudi saa 4. Nikilala yeye yuko kwenye simu mpaka saa 8. Asubuhi daladala inamwacha, na Novemba ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nilimbandikia ratiba ukutani, haikumaliza wiki.

Mama Mdogo Zuhura: Kwa sababu ratiba ilikutegemea uwepo. Shika vitu viwili tu. Cha kwanza, chaja zote ziishi sebuleni, saa 4 na nusu simu zote ziko hapo. Umri huu usingizi unawajia kwa kuchelewa, usimlazimishe saa 2, mtagombana bure. Cha pili, siku ya zamu piga saa 2 usiku ileile, umuulize kala nini. Usianze na "umesoma?", ataacha kupokea.

Mwanaidi: Simu zote, na yangu?

Mama Mdogo Zuhura: Na yako.

Shangazi Tatu: Hapo kazi ipo 😂 huyu saa 6 usiku yuko hewani namwona

Mwanaidi: Haya. Nampigia kocha.

*(Dakika kumi na tano kimya.)*

Mwanaidi: Kasema sawa mama hakuna shida, na kuna wazazi wawili wanakwenda na gari, kanipa na namba zao. Ila Rama kasikia, kajifungia. Anasema nimemwaibisha.

Mama Mdogo Zuhura: Piga hizo namba. Mwache dakika ishirini, halafu vyombo. Njumu bado hatujazijua.

Kaka Shabani: Jumamosi nitampeleka mimi garini. Saa 10 na robo alfajiri niko mlangoni kwako na bajaji.

Mwanaidi: Asante kaka. Ila simwambii mpaka nisikie honi.