Baba alizimia siku tatu: alipe sala zipi, na anuie vipi?

UmmuHani: Assalaam alaykum. Baba alizimia Jumatatu saa nane mchana, hajaswali adhuhuri. Akazinduka Alhamisi saa kumi na moja jioni, akili timamu, ila hakuswali hadi Jumamosi usiku kwa kuwa alikuwa na mpira wa mkojo na hawezi kukaa. Sisi ni Mashafii. Anadaiwa ngapi, na anuie nini?

Hamisi_T: Waalaykumu salaam. Zote tangu Jumatatu. Kuzimia ni kama kulala, na aliyelala hulipa akiamka. Anuie mara moja kulipa sala zake zote, kisha aswali mfululizo.

Mja_Dhaifu: Kama hawezi, mtoleeni kibaba cha chakula kwa kila siku.

Ustadhi_Kombo: Mja_Dhaifu, kibaba ni cha saumu. Mzee yu hai, ataswali mwenyewe hata kwa kuashiria.

Hamisi, hiyo ni kauli ya Mahambali. Kwetu, aliyezimia bila kujitakia halazimiki kulipa sala ambayo wakati wake wote umempita hana fahamu. Adhuhuri ya Jumatatu anadaiwa, maana ilimkuta mzima kwa muda uliotosha kuiswali. Kuanzia alasiri ya siku hiyo hadi alfajiri ya Alhamisi zimemwondokea. Alhamisi alizinduka kabla ya magharibi na fahamu zikadumu: alasiri inamlazimu, na adhuhuri inaifuata, kwa kuwa msafiri huzikusanya hizo mbili. Hapa ndipo wengi wanasahau moja.

Magharibi ya Alhamisi hadi isha ya Jumamosi ni 12, zote deni. Mpira hauangushi faradhi. Angetawadha au kutayamamu, akaswali amelala. Jumla ni 15, na Ijumaa inalipwa kwa adhuhuri ya rakaa 4.

Nia moja kwa zote haifai, kila sala ina yake. Anapotamka takbira ya kuhirimia, moyo uwe na mambo matatu: kwamba anaswali, kwamba ni faradhi, na ni sala gani. "Naswali faradhi ya adhuhuri" inatosha. Kutaja kadha ni vizuri, si sharti, wala siku si lazima itajwe. Kinachoharibu ni ulimi kumaliza nia, kisha moyo uwe kwingine takbira inapotoka.

Hamisi_T: Ahsante, Ustadhi. Akizilipa na za Jumanne, amekosea?

Ustadhi_Kombo: Hapana, kuzilipa ni sunna. Lakini aanze na zile 15.

UmmuHani: Nilisahau jambo. Tangu Jumanne madaktari walikuwa wakimlaza kwa dawa ya usingizi.

Ustadhi_Kombo: Hapo, dada, pana mvutano. Wapo wanaoihesabu kuwa kuzimia, kwani ni tiba ya dharura, na wapo wanaoiona ni usingizi wa kulipiwa. Mimi naelemea kauli ya kwanza, lakini kwa tahadhari angelipa. Muulizeni na shekhe wenu, mkimweleza dawa ilianza saa ngapi.